Meza ya Mlangoni Ni ya Nani? Ada na Mgao wa Nafasi katika Gulio la Mtaa

Gulio la mtaa linalofanyika mara moja kwa mwezi kwenye uwanja wa shule au wa msikiti huanza kwa maelewano. Wachuuzi ni wachache, uwanja ni mpana, kila mtu anajichagulia mahali. Manung'uniko huanza gulio linapopata wateja. Hapo meza tano au sita za karibu na lango huwa na thamani ambayo meza nyingine hazina. Aliyeko mlangoni anamaliza mzigo wake saa tisa alasiri, na mwenzake aliyepangwa nyuma ya madarasa anafungasha mzigo karibu ule ule alioufungua asubuhi. Wote wawili wamelipa ada moja.

Kamati nyingi hulipokea lalamiko hilo kama suala moja, "nafasi hazigawanywi kwa haki," na kulitafutia dawa moja. Kwa kweli ndani yake mna maswali matatu. La kwanza ni la bei: kila mahali palipiwe kiasi gani? La pili ni la mtu: nani akae wapi, ikiwa wanaopataka ni wengi? La tatu ni la muda: aliyepata akae hadi lini, na akiondoka nafasi inarudi kwa nani? Kamati inayojibu moja na kuyaacha mawili hushangaa kwa nini malalamiko hayaishi. Hoja yangu ni kwamba usawa wa nafasi hauwezekani, kwa sababu hakuna uwanja wenye pembe zinazofanana. Haki inawezekana, na ina kipimo chake: mchuuzi akiulizwa kama angebadilishana na jirani, achukue mahali pa jirani pamoja na bei ya jirani, ajibu kwamba hapana, anabaki alipo.

Tuanze na bei. Ada moja kwa wote ina mvuto wake. Inaeleweka, haihitaji hesabu, na inamnyima mkusanyaji nafasi ya kumpandishia huyu na kumpunguzia yule. Tanzania iliona nguvu ya kanuni hiyo Desemba 2018, Rais John Magufuli alipozindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Vililengwa kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni nne kwa mwaka, na lengo lilikuwa kuwaondolea usumbufu wa kutozwa ushuru kila walipotandaza bidhaa. Kiwango kilijulikana na kila mtu, hivyo hapakuwa na cha kujadiliana na mgambo. Lakini kiwango kimoja hakioni tofauti. Mama wa mahindi ya kuchemsha aliyekaa kwenye uchochoro na muuza simu aliyekaa kituo cha daladala walilipa sawa.

Katika gulio upofu huo una gharama yake. Ada ikiwa moja, tofauti ya thamani kati ya lango na nyuma haifutiki. Inabaki mikononi mwa aliyepata lango, na kila mwenye akili atatafuta njia ya kulipata: kumjua mjumbe wa kamati, kuwahi alfajiri, au kumlipa kimyakimya aliyepangiwa. Fedha ambayo ingeingia kwenye mfuko wa gulio, ikapunguza ada ya walioko nyuma, inapita mlango wa uani.

Njia ya kupanga bei iko wazi, na kamati yoyote yenye daftari inaweza kuifuata. Tuchukue mfano wa gulio lenye meza 40 kwenye uwanja wa shule ya msingi. Hatua ya kwanza ni kuandika gharama zote za siku: kukodi maturubai na meza, mlinzi, usafi wa vyoo, kuzoa taka, umeme, mchango kwa shule, na ushuru wa halmashauri kama sheria ndogo za eneo hilo zinautaka. Tuseme jumla ni shilingi 600,000. Karatasi hiyo ibandikwe mahali kila mchuuzi ataiona, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kwamba kamati haifanyi biashara kwa mgongo wa wachuuzi. Ukigawa kwa meza 40, wastani ni shilingi 15,000.

Hatua ya pili ni kuugawa uwanja katika madaraja, na matatu yanatosha. Kwenye mfano wetu meza 12 ziko langoni na kando ya njia kuu, 20 ziko katikati, na nane ziko nyuma ya madarasa. Ukiweka madaraja saba au kumi utazalisha ubishi wa mpaka kati ya meza na meza. Ili mipaka isitoke kichwani mwa mtu, wajumbe wawili wasimame sehemu mbalimbali siku ya gulio, kila mahali robo saa, wahesabu wapita njia. Wafanye hivyo asubuhi na tena jioni. Mahali penye watu wengi asubuhi huenda jua la mchana likapafukuzia wateja.

Hatua ya tatu ndiyo kiini. Kamati inaitisha mkutano, inatangaza bei za madaraja, na kila mchuuzi anaandika kwenye karatasi daraja analolitaka kwa bei hizo. Tuseme raundi ya kwanza inaanza na 15,000 kwa wote: wachuuzi 31 wanaandika lango, tisa katikati, hakuna anayeandika nyuma. Hiyo ni habari tosha kwamba lango ni rahisi mno na nyuma ni ghali mno. Raundi ya pili lango linapanda hadi 20,000, katikati 14,000, nyuma 10,000. Sasa 19 wanataka lango, 18 katikati, watatu nyuma. Raundi ya tatu lango ni 22,000, katikati 14,000, nyuma 7,000. Wanaotaka lango wanabaki 14, katikati 19, nyuma saba. Hapo kamati isimame. Wamezidi wawili tu langoni, na hao huamuliwa kwa kura.

Fanya hesabu ya kila raundi: jumla inabaki shilingi 600,000. Meza 12 kwa 22,000 ni 264,000. Meza 20 kwa 14,000 ni 280,000. Meza nane kwa 7,000 ni 56,000. Kanuni hii ya jumla isiyobadilika isivunjwe hata kwa shilingi, kwa sababu ndiyo inayobadilisha maana ya kupandisha bei. Kila shilingi inayoongezwa langoni imeondolewa nyuma au katikati. Aliyeko nyuma ya madarasa analipa chini ya nusu ya wastani kwa sababu aliyeko langoni ameibeba sehemu yake, na wote wawili wamekubali kwa karatasi zao. Kamati ikianza kupandisha lango bila kushusha kwingine, wachuuzi wataona wanakamuliwa, na watakuwa sahihi.

Kuna wanaopendekeza mchuuzi alipe asilimia ya mauzo, na kwa maneno inavutia: aliyeuza sana achangie zaidi. Kwenye uwanja haifanyi kazi. Mauzo mengi ni ya fedha taslimu, na hata malipo ya simu si yote yanayopita namba ya biashara. Anayesema kweli ndiye anayeumia, na kamati hujikuta ikipekua mikoba ya watu jioni. Bei ya mahali haihitaji kujua siri ya mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la mtaji. Bei ya shilingi 22,000 si kitu kwa muuza vitenge, lakini mwenye maandazi na chai huenda mtaji wake wote wa siku haufiki hapo. Je, hatukumfukuza langoni kwa njia ya heshima? Hapa inafaa kutenganisha hali mbili. Kuna mchuuzi ambaye lango lingemlipa, ila asubuhi hana fedha mkononi. Na kuna mchuuzi ambaye hata akipewa lango, faida yake haiwezi kurudisha bei ile.

Wa kwanza tatizo lake ni saa ya malipo. Dawa ni kuigawa ada. Kila mtu alipe 7,000 kabla ya siku, ambayo ndiyo bei ya daraja la chini, na kinachobaki kilipwe jioni kabla ya kufungasha: 15,000 kwa walioko langoni na 7,000 kwa walioko katikati. Kamati inapata 280,000 mapema za kukodi maturubai na kumlipa mlinzi, na 320,000 jioni kwa madeni mengine. Ili fedha ya jioni isipotee, anayeondoka bila kumaliza asipewe meza kwenye gulio linalofuata hadi alipe.

Wa pili tatizo lake ni aina ya biashara, na kumwekea bei ya chini langoni si lazima kuwe msaada. Mara nyingi bei hiyo humgeuza dalali: anapewa mahali kwa nafuu, anamwachia mwingine kwa bei kamili. Kama jamii inataka kumsaidia mjane, kijana anayeanza au mtu mwenye ulemavu, imsaidie waziwazi. Meza mbili au tatu zitengwe kabla ya kura, sababu itajwe, na punguzo liandikwe kwenye ile karatasi ya gharama ili kila mtu ajue anachangia nini. Kwa mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, meza ya mahali tambarare karibu na lango ni hitaji la njia, na haistahili kuingizwa kwenye kura kabisa.

Kabla ya kuridhika na bei, kamati isome inachoambiwa nazo. Pengo la shilingi 15,000 kati ya lango na nyuma ni kipimo cha ubovu wa mpangilio wa uwanja. Wateja hawafiki nyuma kwa sababu hakuna kinachowapeleka. Hapo chakula kina nguvu kuliko bango lolote. Forodhani kule Unguja jioni hujaa watu kwa sababu ya moshi wa mishikaki, juisi ya miwa na urojo; watu huja kula, na waliobaki wanauza kwa sababu watu wamekuja. Mama lishe na wachoma mishikaki wakipangwa mwisho wa uwanja pamoja na viti, maji ya kunawa na jukwaa la watoto, kila anayekwenda kula hupita mbele ya meza zote mara mbili. Lango la pili likifunguliwa upande wa nyuma, uwanja hauna tena mkia.

Jambo la pili ni kuwaweka pamoja wenye bidhaa za aina moja, kama ilivyo katika masoko yetu tangu zamani, nyanya upande wake na dagaa upande wake. Mchuuzi huogopa kukaa jirani na mshindani, lakini mteja wa nguo hutembea mstari mzima wa nguo kabla hajanunua, na matembezi yake hupunguza tofauti kati ya meza ya kwanza na ya mwisho. Baada ya mabadiliko haya karatasi ziandikwe upya. Pengo likipungua, uwanja umerekebishika. Lisipopungua, wajumbe warudi kuhesabu wapita njia.

Sasa swali la mtu. Hata bei ikiwa nzuri, ndani ya daraja moja kuna meza ya kona na meza iliyo chini ya mwembe, na haziwezi kuwatosha wote wanaozitaka. Njia ya kale kuliko zote ni ya aliyewahi. Mapokeo ya soko la Kufa katika karne ya kwanza ya Hijria, yaliyohifadhiwa na mwanahistoria al-Baladhuri, yanasema aliyetangulia kukaa mahali alikuwa na haki napo hadi usiku, kama mtu anavyokaa kwenye safu ya msikiti. Uzuri wake uko kwenye neno "usiku": haki ilikufa jua lilipozama. Kwetu kanuni hii huharibika kwa sababu mawe, kamba na khanga kuukuu huwekwa tangu jana yake. Humpa ushindi anayeishi jirani na mwenye kijana wa kulala uwanjani, na humshinda mama ambaye hana budi kupika na kuwavisha watoto kabla ya kutoka.

Njia nyingine ni ya ukongwe. Soko la Pike Place la Seattle, lililoanzishwa 1907, hadi leo huita majina ya mafundi wa kazi za mikono asubuhi kwa kufuata orodha ya ukongwe, na kila aliyeitwa huchagua meza kati ya zilizobaki. Utaratibu huu unawaheshimu waliolijenga soko siku za shida, na unamfanya mtu aone faida ya kutokosa. Lakini kwenye gulio dogo la meza 40, miaka mitatu inatosha kuwafanya waanzilishi wamiliki wa lango na wageni kuwa wakazi wa kudumu wa nyuma. Ukongwe ukitumika, uamue jambo dogo, kwa mfano nani aandikishwe kwanza gulio likijaa, usiamue nani akae wapi.

Inabaki kura. Nayo ina namna mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuchota karatasi yenye namba ya meza: umechota 17, unakwenda 17. Ya pili ni kuchota zamu: umechota 17, wewe ni wa 17 kuchagua meza ndani ya daraja ulilolilipia. Ya pili ni bora, kwa sababu mahitaji ya wachuuzi hayafanani. Muuza magauni anataka ukuta wa kutundikia, muuza mboga anataka kivuli, fundi simu anataka soketi ya umeme. Kwa zamu, mtu wa mwisho mara nyingi hukuta meza aliyoitamani bado ipo kwa kuwa wenzake hawakuihitaji. Ramani kubwa ichorwe kwenye manila, jina la kila mmoja liandikwe anapochagua, wote wakitazama. Kura isichezeshwe na mwenye meza kwenye gulio. Mwalimu au mjumbe wa mtaa asiye mfanyabiashara anafaa. Wajumbe wa kamati ambao pia ni wachuuzi wachote baada ya wote.

Swali la tatu, la muda, ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloua magulio. Kura ikipigwa kila mara, mteja aliyependa achari ya mtu hamwoni mwezi ujao mahali pale, na mchuuzi hana sababu ya kulipamba eneo lake. Nafasi ikiwa ya kudumu, inageuka mali. Masoko ya kudumu ya miji yetu yanatufundisha mwisho wa njia hiyo: aliyeandikishwa kwenye kizimba hauzi chochote pale, amekipangisha kwa mwingine kwa bei iliyo juu ya ushuru wa halmashauri, na anayetaka kuingia anadaiwa kilemba. Msimu wa magulio manne ni kipimo kinachofaa gulio la kila mwezi: mteja ana muda wa kukuzoea, na hakuna anayefika kudhani uwanja ni wa baba yake. Msimu ukiisha, karatasi za bei na kura hurudiwa. Waliozidi langoni msimu uliopita, kama wale wawili wa mfano wetu, huchagua kwanza.

Ndani ya msimu, nafasi isihamishwe mkono kwa mkono. Mchuuzi akiugua au akisafiri, aiarifu kamati siku mbili kabla, arudishiwe malipo ya awali, na meza iende kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Asiyetoa taarifa na asiyefika saa moja kabla ya kufunguliwa apoteze malipo yake na meza ya siku hiyo. Ndugu au mfanyakazi anaruhusiwa kusimama badala yake, mradi bidhaa ni zile zile zilizoandikishwa. Sharti la bidhaa ndilo linalomfichua mpangishaji, kwani mpangaji wake huja na mzigo wake.

Dalili za kwamba utaratibu umekosea huonekana mapema kwa anayetunza daftari. Meza ikiuzwa pembeni kwa bei iliyo juu ya ada, bei ya daraja hilo iko chini au muda wake ni mrefu. Meza zikibaki tupu ingawa zimetangazwa, bei iko juu au mahali hapafai kwa bei yoyote. Hilo la mwisho halitibiki kwa kura wala kwa amri. Machinga Complex ya Ilala, Dar es Salaam, ilijengwa kwa ghorofa ili iwapokee wachuuzi wa barabarani, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu kwa kuwa mpita njia hapandi ngazi kununua soksi. Wachuuzi walirudi walikokuwa wateja. Meza ambayo misimu miwili mfululizo haijapata mtu hata kwa bei ya chini ifutwe kwenye ramani, na gharama zigawanywe kwa meza zilizobaki.

Kuna mipaka ambayo bei na kura haviwezi kuivuka. Wachuuzi 70 wakiomba meza 40, thelathini watakosa, na haki kwao ni orodha ya kusubiri iliyobandikwa hadharani, yenye tarehe ya kuandikishwa, pamoja na kikomo cha idadi kwa kila aina ya bidhaa kilichotangazwa kabla ya maombi kufunguliwa. Kikomo kikitangazwa baada ya majina kujulikana, hakuna atakayeamini kwamba hakikumlenga mtu. Vilevile utaratibu huu unahitaji wachuuzi wakutane mara tatu kwa mwaka kwa ajili ya karatasi na kura. Mahali ambapo mkutano huo hauwezekani, madaraja mawili yenye bei mbili na kura moja ya hadharani yatafanya sehemu kubwa ya kazi.

Mwisho wa kila msimu kamati iulize swali moja kwa kila mchuuzi, faraghani: ungebadilishana na nani, ukichukua na bei yake? Majibu yaandikwe. Wengi wakitaja meza za daraja lile lile, bei ya daraja hilo ipande msimu ujao na ya mengine ishuke hadi jumla ibaki ile ile. Wakitaja meza moja tu, ichunguzwe: huenda ina soketi, kivuli au ukuta ambao haukuhesabiwa, nayo ihamishwe daraja. Na karibu wote wakijibu kwamba wanabaki walipo, kamati iziache bei kama zilivyo, hata kama mmoja mwenye sauti kubwa bado analalamika.